Maelezo ya Bajeti: Kila Shilingi na Sababu Yake

Jumuiya inapoomba fedha za futari, kamati ya mfadhili hutaka kujua mambo matatu kwa kila kifungu cha bajeti: idadi imetoka wapi, bei imetoka wapi, na kifungu hicho kinahitajika kwa nini.

Tuchukue mfano wa tende. Kuandika "Tende: shilingi 1,296,000" hakutoshi. Andika hivi: "Wafungaji 120, kwa mujibu wa daftari la futari la mwaka jana, tende tatu kila mmoja kwa siku 30, jumla tende 10,800. Kilo moja tuliyoipima ilikuwa na tende 100, hivyo tunahitaji kilo 108. Bei ya kilo ni shilingi 12,000, kama inavyoonekana katika karatasi ya muuzaji iliyoambatishwa."

Kisha linganisha vifungu. Ikiwa wafungaji ni 120 na sahani ni 150, eleza hizo 30 za ziada au zipunguze.

Ramadhani huweza kuwa na siku 29. Basi tamka mapema kwamba mwezi ukiandama jioni ya siku ya 29, shilingi 43,200 za tende zitarejeshwa, au zitatumika kwingine kwa idhini ya mfadhili. Fedha hizo ni amana.

Mwisho, uliza kama fedha ni zaka au sadaka. Zaka ina mafungu manane ya wanaostahiki, yaliyotajwa katika Surat at-Tawba, aya ya 60. Kwa hiyo "wanafunzi wote" haitoshi. Onyesha jinsi mlivyowatambua mafukara na maskini.