Mia tatu kwa sifuri na moja

SWALI: Nilibadilisha 300 kuwa binari nikapata 001101001. Nilipoirudisha kwenye desimali ilitoka 105. Nimekosea wapi?

JIBU: Kugawanya umegawanya sawasawa, kosa liko kwenye kusoma. Ukigawa 300 kwa 2 mfululizo unapata 150, 75, 37, 18, 9, 4, 2, 1, 0, na mabaki kwa mpangilio huo ni 0, 0, 1, 1, 0, 1, 0, 0, 1. Baki la kwanza ndilo tarakimu ya mwisho kulia, kwa hiyo yasome kuanzia chini kwenda juu: 100101100. Kurudi, jumlisha thamani za nafasi zenye 1: 256 + 32 + 8 + 4 = 300.

Biti tisa huchosha macho, ndiyo maana napenda heksadesimali. Zikate nnenne, ukianzia kulia: 1 0010 1100. Kila fungu ni tarakimu moja, na 1100, yaani 12, huandikwa C. Unapata 12C. Ukianzia kushoto utapata 1001 0110 0, yaani 960, namba nyingine kabisa. Hakiki: 1×256 + 2×16 + 12 = 300.