Kifungu cha Waamuzi: Jambo Moja Liandikwe Mara Moja

Ndugu Wanachama,

Katika toleo hili twapenda kuwaeleza namna ya kusoma kifungu kimoja tu cha mkataba, nacho ni kile kinachosema kwamba mgogoro ukitokea hautapelekwa mahakamani bali utakatwa na waamuzi. Kifungu hiki huwekwa karibu na mwisho wa hati, msomaji akiwa amekwisha choka, na mara nyingi hutiwa sahihi bila ya kusomwa. Somo letu tumelitoa katika rasimu ya mkataba wa maturubai ya kuanikia karafuu, iliyotufikia kutoka kwa mfanyabiashara mwenye ghala Mkolani, Mwanza, katika njia kuu iendayo Shinyanga. Maturubai ni 400 kwa shilingi 60,000 kila moja, jumla shilingi 24,000,000, na nusu yake yatakiwa kulipwa kabla ya mzigo kutoka ghalani. Basi shilingi 12,000,000 za wanachama zitakuwa mikononi mwa mtu aliye ng'ambo ya bahari na mwendo mrefu wa bara. Mzigo ukichelewa na mvua ikakuta karafuu zi uwanjani, swali la kwanza litakuwa hili: twamshitaki wapi, na mbele ya nani?

Kifungu cha waamuzi sharti kijibu mambo manne. La kwanza ni chombo, yaani taasisi gani itasimamia shauri na kwa kanuni zipi. La pili ni makao ya uamuzi. La tatu ni lugha. La nne ni idadi ya waamuzi. Kila jambo liandikwe mara moja tu katika mkataba mzima. Na pakiwa na hati ya pili, kama tafsiri, liandikwe humo vile vile bila kubadilika hata neno.

Katika hayo manne, makao ndiyo yanayowachanganya watu zaidi. Makao si chumba ambamo waamuzi wataketi. Ni nyumbani kwa shauri kisheria: sheria ya mahali hapo ndiyo itakayoongoza uamuzi, na mahakama ya mahali hapo ndiyo itakayoombwa msaada mwamuzi asipopatikana, au upande mmoja ukitaka uamuzi utanguliwe. Kwetu sisi tofauti hii ina uzito wake, kwa sababu katika Jamhuri ya Muungano zipo Mahakama Kuu mbili, ya Tanzania na ya Zanzibar. Makao yakiwa Mwanza, sheria ya uamuzi ni ile ya Tanzania Bara ya mwaka 2020, na mahakama ni Mahakama Kuu ya Tanzania. Makao yakiwa Zanzibar, sheria ni ya Zanzibar na mahakama ni ya Zanzibar. Waamuzi wenyewe waweza kuketi Mkolani, Chake Chake, au kusikilizana kwa simu, na makao yasihame.

Sasa tutazame rasimu. Kifungu cha 18, chenye kichwa "Migogoro", kilisema: mgogoro wowote utakatwa na waamuzi watatu, Mwanza, kwa lugha ya Kiswahili. Mtu akisoma hapo tu ataridhika. Lakini kifungu cha 4, kinachohusu malipo, kilikuwa na mstari wa mwisho usemao kwamba ubishi juu ya fedha utapelekwa kwa mwamuzi mmoja, Zanzibar. Kifungu cha 22 kilisema kwamba mahakama za Mwanza peke yake ndizo zenye uwezo wa kusikiliza mashauri yote ya mkataba huu. Na kiambatisho cha nyuma, ambacho kilikuwa masharti ya jumla yaliyochapwa kwa Kiingereza, kilisema kwamba uamuzi utaendeshwa kwa Kiingereza chini ya taasisi ambayo kifungu cha 18 hakikuitaja kabisa.

Haya hayatokei kwa hila. Kifungu cha 4 chaonekana kimenakiliwa kutoka mkataba wa zamani, cha 22 kutoka mkataba mwingine, na kiambatisho hubandikwa nyuma ya kila mauzo. Kila kipande kina maana kikiwa peke yake. Vikikaa pamoja vyagombana, na ugomvi huo hauonekani mpaka siku ya mgogoro. Fikirini: mzigo haukufika, nasi twadai amana yetu. Je, huo ni ubishi wa fedha, uende kwa mwamuzi mmoja Zanzibar, au ni mgogoro wa jumla, uende kwa waamuzi watatu Mwanza? Mwenzetu aweza kukimbilia mahakamani akishika kifungu cha 22. Hapo tutabishana miezi kadhaa juu ya nani atusikilize, na habari ya maturubai haijaguswa.

Mfano wake wa kweli ulikatwa na Mahakama ya Rufani ya Uingereza. Kampuni ya meli ya Peru, Naviera Amazonica, iligombana na kampuni ya bima ya huko huko Peru. Katika hati ya bima, masharti yaliyochapwa yalitaja mahakama za Lima. Lakini mstari uliopigwa taipu na kuongezwa ulisema uamuzi uwe kwa masharti na sheria za London. Jaji wa kwanza aliona kwamba uamuzi ufanyike Lima, kwa kufuata utaratibu wa Kiingereza. Mahakama ya Rufani ilikataa ikasema makao ni London, kwa kuwa maneno yaliyoongezwa kwa makusudi yana nguvu kuliko yale yaliyochapwa kwa jumla. Mahakama hiyo ilieleza pia tofauti ya makao na mahali pa kikao, kama tulivyoieleza hapo juu. Kifungu kilipona, lakini kiliponywa kwa mahakama mbili, na gharama yake ilitangulia shauri lenyewe la bima.

Kazi ya kusahihisha twaifanya hivi. Kwanza, twasoma mkataba wote tangu jina la juu hadi kiambatisho cha mwisho, pamoja na maandishi madogo nyuma ya ankara, tukipiga mstari chini ya kila neno la aina hii: mgogoro, ubishi, shauri, mwamuzi, usuluhishi, mahakama, lugha, na kila jina la mji. Mwenye hati katika kompyuta aweza kuyatafuta maneno hayo moja moja, lakini asiache kusoma kwa macho, kwa maana kompyuta haitapata "ubishi" ukiitafutia "mgogoro".

Pili, twachora karatasi yenye safu nne: chombo, makao, lugha, idadi. Kila mahali tulipopiga mstari twaandika namba ya kifungu na maneno yake katika safu inayohusika. Rasimu ya Mkolani ilitoa karatasi hii: chombo, kimya katika kifungu cha 18, taasisi katika kiambatisho, mahakama katika cha 22, makao, Mwanza na Zanzibar, lugha, Kiswahili na Kiingereza, idadi, watatu na mmoja. Safu yenye majibu mawili ni kosa. Safu tupu ni kosa pia, kwa sababu kimya hujazwa na sheria ya makao, nazo sheria hazifanani: ile ya Uingereza ya mwaka 1996 hujaza mwamuzi mmoja, na mfano wa sheria uliotolewa na Umoja wa Mataifa mwaka 1985 hujaza watatu. Kwa hiyo asiyeandika idadi, na makao yake yana shaka, amezifunga shaka mbili katika fundo moja.

Tatu, pande mbili huchagua. Hapa msahihishaji asijifanye mwamuzi. Kazi yake ni kuonyesha majibu mawili na kuuliza lipi lililokusudiwa. Sisi tuliomba mwamuzi mmoja, kwa kuwa ujira wa watu watatu katika mgogoro wa shilingi 24,000,000 waweza kumeza kile kinachogombewa. Tulikubali makao yawe Mwanza ijapokuwa ni mbali nasi, kwa kuwa ghala na mali ya muuzaji ziko huko, na huko ndiko uamuzi utakapokwenda kutekelezwa. Mwenye mkataba wa namna nyingine aweza kuchagua vingine.

Nne, kilichochaguliwa huandikwa katika kifungu cha 18 peke yake, na mahali pengine pote hufutwa. Mstari wa kifungu cha 4 ukawa: "Ubishi juu ya malipo utakatwa kwa kufuata kifungu cha 18." Usiurudie mji wala idadi hapo hata kama ni sahihi, maana siku kifungu cha 18 kitakapobadilishwa, ule mstari utasahauliwa. Kifungu cha 22 kilibaki na sheria ya mkataba tu, na habari ya mahakama ikaondolewa. Katika kiambatisho, aya ya uamuzi ilifutwa yote, na pande mbili zikaweka sahihi fupi pembeni.

Kifungu chenyewe kikasomeka hivi:

"18. Mgogoro wowote utokanao na mkataba huu au unaouhusu, pamoja na mgogoro juu ya uhalali wake au kuvunjwa kwake, utakatwa kwa uamuzi wa mwisho na mwamuzi mmoja, kwa kufuata kanuni za Taasisi ya Waamuzi ya Tanzania. Pande mbili zisipokubaliana juu ya mtu katika siku 14, taasisi hiyo itamteua. Makao ya kisheria ya uamuzi ni Mwanza, Tanzania Bara. Lugha ya uamuzi ni Kiswahili."

Angalieni maneno matatu. Jina la taasisi linakiliwe kama lilivyo katika kanuni zake zenyewe, si kama mtu alivyolisikia. Hong Kong mwaka 1993 mahakama ililetewa kifungu kilichotaja chombo ambacho hakikuwapo duniani. Kifungu kilihifadhiwa, lakini baada ya kubishaniwa mbele ya jaji. Neno "uamuzi" nalo tumelichagua kwa makusudi badala ya "usuluhishi". Katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, usuluhishi ni kupatanisha, na uamuzi ni kukata shauri. Lakini watu wengi huita yote mawili usuluhishi. Mkataba wenye neno hilo peke yake waweza kusomwa kama ahadi ya kupatana tu. Na neno "au" likionekana kati ya miji miwili au taasisi mbili, lisimamishwe na kuulizwa.

Mwisho, watu wawili huketi pamoja. Mmoja husoma kifungu kwa sauti, na wa pili hufuata katika nakala ya mwenzetu, neno kwa neno. Tafsiri ya Kiingereza ikiwapo, hufanyiwa karatasi yake ya safu nne, nazo karatasi mbili hulinganishwa. Kisha huandikwa nakala ipi itakayoshika zikitofautiana. Kazi yote haifiki saa mbili kwa hati ya kurasa kumi. Mwanachama mwenye mkataba ambao haujatiwa sahihi na aulete afisini pamoja na viambatisho vyake vyote, tuuchoree safu zake nne kabla fedha hazijatoka.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama