Amemaliza la saba: mlinde binti yako mpaka Januari

Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba. Kidato cha kwanza huanza Januari. Katikati hapo binti yuko nyumbani, hana sare, hana mwalimu wa kumuulizia, na majirani wanasema "huyu si amemaliza shule?" Hapo ndipo washenga wanapopiga hodi. Sisi wa klabu ya haki za wasichana tunakwambia, mzazi, mlezi, kaka au dada mkubwa: kazi yako kubwa ni miezi hii.

Anza kabla ya mtihani. Huku kwetu Shinyanga fedha za pamba huingia miezi kadhaa kabla ya Septemba. Siku ukilipwa, tenga kwanza ya kidato cha kwanza: sare, viatu, begi, madaftari. Usisubiri jina litoke. Ada hailipwi katika shule za serikali, ila mahitaji haya yanabaki kwako. Mzazi asiye na kitu mkononi Januari ndiye anayeanza kuwatazama ng'ombe wa mahari kwa jicho lingine. Kama fedha imekwisha, tenga mbuzi au gunia la mpunga, na mtamkie binti mbele ya nyumba nzima: mali hii ni ya shule yako.

Kaa na binti umuulize swali moja kwa upole: kuna mtu amekwambia ufeli? Usishangae. Wapo wasichana wanaoambiwa na ndugu zao wajaze majibu ya hovyo ili wasichaguliwe, harusi ipite bila maswali. Mwenye kumwambia anaweza kuwa shangazi anayempenda sana. Binti akisita kujibu, chukulia kwamba jibu ni ndiyo. Mwambie wazi kwamba nyumbani kwako kufaulu kwake ni furaha, kisha mwombe mwalimu wake arudie maneno hayo hayo.

Mshenga akija, mpokee kama mgeni. Mpe kiti, mpe maji. Halafu sema maneno machache: "Tunashukuru kwa heshima mliyotupa. Binti yetu ni mtoto na ni mwanafunzi. Hatupokei posa." Usiseme "tutafikiria" wala "subirini matokeo." Maneno hayo yanasikika kama ahadi, na atarudi nayo. Usipokee chochote pia, hata mfuko wa sukari au kitenge cha mama. Ukishapokea kidogo unaona aibu kukataa, na aibu hiyo huwaozesha wengi.

Upinzani mgumu hutoka ndani ya ukoo. Baba mkubwa atasema, "Bora aolewe kuliko kutuletea mimba nyumbani." Usimjibu kwa dharau, maana hofu yake ina chanzo. Binti anatembea njia ndefu kwenda sekondari ya kata, au anapangishiwa chumba karibu na shule akiwa peke yake. Jibu hofu hiyo kwa mpango. Tafuta ndugu anayeishi jirani na shule. Ukikosa, ungana na wazazi wawili watatu, wapangieni mabinti chumba kimoja kwa mama mwenye nyumba mnayemfahamu, na kila mmoja awe na zamu yake ya kwenda kuwaangalia bila kutoa taarifa. Uliza pia kama shule ina hosteli. Baba mkubwa akiona unajua binti atalala wapi na atakula nini, nusu ya hoja yake imekwisha.

Kama bado anashikilia, mweleze sheria kwa utulivu. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, na wazee wengi bado wanaikumbuka hiyo. Mwaka 2016, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Na tangu 2016 Sheria ya Elimu inasema anayemuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Anayesaidia ndoa hiyo naye ana kesi: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au miaka 5 jela, au vyote viwili. Mshenga na wazee wanaokaa kikao cha mahari wajue hilo mapema.

Weka karatasi zake mahali salama. Nakala ya cheti cha kuzaliwa, au kadi ya kliniki kama cheti hakipo, ikae kwa mtu unayemwamini nje ya nyumba. Ndoa za utotoni hupitishwa kwa kumwongezea binti umri, na karatasi hupotea ghafla wiki ya kikao. Shule aliyosoma nayo ina kumbukumbu zake za usajili. Muombe mwalimu mkuu mapema azihakiki.

Macho yako yawe kwenye dalili. Binti anatakiwa aende "kusalimia" kwa ndugu wa mbali na hakuna anayesema atarudi lini. Simu mpya imeingia na hajui kueleza imetoka wapi. Mama zake wadogo wananyamaza unapoingia. Ng'ombe wageni wameonekana zizini. Dalili moja inatosha kuuliza. Mbili zikikutana, usiulize tena, toa taarifa.

Tuseme ni Jumatano, na jirani amekunong'oneza kwamba mahari ya binti wa kaka yako inapokelewa Jumamosi. Usikimbilie kugombana na kaka, atamhamisha binti usiku huohuo. Alhamisi asubuhi nenda kwa mwalimu mkuu na kwa mtendaji wa kijiji. Taja jina la binti, umri, shule, kitongoji, siku ya kikao na nyumba kitakapofanyika. Kama mtendaji ni ndugu wa muoaji, na hilo hutokea, mpite. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au piga 116, namba ya huduma kwa mtoto. Ni bure, mchana na usiku. Usifunge simu kabla hujaambiwa nani atafuatilia na lini. Ijumaa uliza tena. Mtafutie binti mahali pa kulala siku hizo mbili, kwa mtu ambaye ustawi wa jamii wanamfahamu, usije ukaambiwa umemtorosha.

Matokeo yakitoka na jina lake lipo, usikae nalo. Fuata fomu ya kujiunga shuleni wiki hiyohiyo, usome inataka nini, anza kununua. Jina lisipokuwepo, nyumba isiseme "basi." Uliza VETA au Chuo cha Maendeleo ya Wananchi kilicho karibu kinapokea lini na kwa masharti gani. Na kama tayari amepata mimba, bado ana njia: tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu msichana aliyekatisha masomo kwa sababu hiyo kurudi shuleni baada ya kujifungua. Nenda na binti, muone mwalimu mkuu ana kwa ana.

Siku ya kuripoti, mpeleke mwenyewe. Usimtume na boda peke yake. Mkabidhi kwa mwalimu, uchukue namba ya simu ya mwalimu huyo, na umpigie Ijumaa ya kwanza kuuliza kama yuko darasani.