Somo: Uso wa Pakiti ya Mbegu na Miezi ya Kupanda

Mkulima wa Kahama anunuapo mahindi ya mbegu, mara nyingi husimama mbele ya kaunta ya duka la pembejeo kwa dakika chache tu. Katika dakika hizo hutazama uso wa pakiti, hulipa, na kuondoka. Maelezo marefu yaliyo nyuma husomwa nyumbani, au hayasomwi kabisa. Kwa sababu hiyo, uso wa pakiti hauna budi kujibu maswali matatu bila kuhitaji kisomo kirefu: ni mbegu gani, ipandwe vipi, na ipandwe lini. Katika somo hili tunaeleza jinsi uso huo unavyopaswa kupangwa, ili mfungashaji aufuate na mnunuzi aweze kuukagua.

Tuchukue mfano wa pakiti ya kilo 2 ya mahindi meupe yanayokomaa kwa siku 120.

Picha ya zao huchukua nusu ya juu. Ioneshe hindi la aina ileile ya mbegu iliyomo, lililomenywa, punje zake zikionekana rangi na umbo. Mfungashaji akiweka picha ya mahindi ya njano juu ya mbegu ya mahindi meupe kwa sababu tu picha hiyo inapendeza, amemdanganya mnunuzi anayetafuta unga wa ugali. Kosa hili huwa zito zaidi kwenye maharage, ambako rangi ya punje ndiyo inayoamua bei sokoni. Jina la aina ya mbegu liandikwe kwa herufi kubwa chini ya picha, kwa kuwa picha pekee haiwezi kutofautisha aina mbili zinazofanana.

Chini ya picha huja alama tatu za upandaji. Ya kwanza ni kidole cha shahada kilichozama ardhini hadi pingili ya pili, karibu sentimeta 5, ambacho ndicho kina cha shimo. Ya pili ni mistari miwili ya miche, ikiwa na mshale wa sentimeta 75 kati ya mstari na mstari, na mshale wa sentimeta 30 kati ya mche na mche. Ya tatu ni punje moja ndani ya shimo. Kwa nafasi hiyo ekari moja hubeba miche karibu 18,000 na huhitaji kilo 8 hadi 10 za mbegu. Hivyo pakiti yetu ya kilo 2 yafaa ioneshe mraba uliogawanywa sehemu nne, sehemu moja ikiwa imepakwa rangi, maana yake robo ekari. Mnunuzi hapo hatajikuta shambani na mbegu isiyotosha.

Sasa tufike kwenye miezi, mahali ambapo pakiti nyingi hupotosha.

Kwanza, visanduku kumi na viwili vya miezi viandikwe namba, si vifupisho vya majina. Watu wetu husema mwezi wa kumi na moja kabla ya kusema Novemba, na asiyesoma vizuri maneno huzijua namba kwa sababu ya fedha na simu.

Pili, utepe wa miezi usianze na Januari. Kahama mvua huanza kwa kawaida kati ya Oktoba na Novemba, huendelea hadi Aprili au Mei, na mara nyingi hukatika kwa wiki kadhaa Januari au Februari. Msimu basi huvuka mwaka. Utepe ukianza na 1, alama ya kuvuna itakaa kushoto kwenye 4, na alama ya kupanda itakaa mbali kulia kwenye 11. Anayesoma kwa kufuata picha kutoka kushoto ataona mavuno yametangulia upandaji, naye anaweza kudhani kuwa alama ya kwanza ndiyo ya kupanda. Dawa yake ni kuanza utepe na mwezi wa kwanza wa msimu: 10, 11, 12, 1, 2, 3, 4, hadi 9. Wingu la mvua liwekwe juu ya miezi ya mvua, mkono unaodondosha punje chini ya 11 na 12, na kikapu cha mahindi chini ya 3 na 4. Hesabu ihakikiwe kabla ya kuchapa. Mbegu iliyopandwa tarehe 25 Novemba hutimiza siku 120 tarehe 25 Machi, kisha mahindi huachwa yakauke. Kikapu hicho basi kimekaa mahali pake.

Tatu, utepe mmoja hauwezi kuifaa nchi nzima. Kilimanjaro wakulima wengi wa mahindi hungoja Masika na kupanda Machi. Utepe uliochorwa kwa ajili yao ukisomwa Kahama, mkulima atapanda mvua zikiwa zinaelekea ukingoni, na mahindi yake yatakosa maji wakati wa kubeba. Pakiti inayouzwa pande zote mbili iwe na tepe mbili, kila mmoja ukiwa na jina la eneo lake pamoja na ramani ndogo iliyotiwa kivuli. Ndugu mnunuzi, ukikuta utepe usiotaja eneo, muulize mwenye duka umechorwa kwa ajili ya wapi kabla hujalipa.

Hata utepe ulio sahihi una mpaka wake. Kisanduku cha 11 hakisemi kwamba mvua imefika. Kabla ya kupanda, chimba udongo na uushike. Ukiwa umelowa juu tu na chini ni mkavu, punje itaota kisha mche utanyauka. Sikiliza pia utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.

Alama moja haipaswi kukosekana wala kufichwa nyuma: fuvu na mifupa miwili, kando yake mdomo uliokatwa kwa mstari. Mahindi mengi ya mbegu hutiwa dawa na kupakwa rangi, na rangi hiyo haiondoi sumu hata yakioshwa. Yaliyobaki baada ya kupanda yasisagwe, yasikaangwe, wala wasipewe kuku.

Kabla ya kuchapa, mfungashaji awaoneshe uso huo watu watano wasioujua, mmoja mmoja, wakiwamo wasiosoma. Asiwaulize kama wameelewa, maana kwa adabu wengi watajibu ndiyo. Amwambie kila mmoja: "Nioneshe kwa kidole utapanda mwezi gani, na shimo lako litakuwa na kina gani." Wawili wakikosea alama moja, alama hiyo ichorwe upya.

Mwisho, uso mzuri si uthibitisho wa ubora, kwa kuwa hata mdanganyifu anaweza kuchapa picha safi. Uthibitisho hutafutwa kwenye lebo ya Taasisi ya Kuthibiti Ubora wa Mbegu Tanzania (TOSCI), pamoja na namba ya fungu la mbegu na tarehe ya kupimwa. Usikubali kupimiwa mbegu kwa kopo kutoka mfuko uliofunguliwa, kwa kuwa hapo unapoteza lebo, alama ya sumu na utepe wa miezi kwa pamoja. Pakiti ikishamalizika, itunze na risiti yake hadi mavuno. Mbegu isipoota, hiyo ndiyo itakayoonesha ulinunua nini na kutoka fungu lipi.