Sehemu Moja ya Dawa, Sehemu Tisa za Maji

Kijitabu cha kaya za Migori na Homa Bay

Kipindupindu kilichoanza Nairobi mwishoni mwa Desemba 2014 kilifika Migori na Homa Bay katika miezi ya mwanzo ya 2015. Mwaka 2025 kikaripotiwa tena Migori, pamoja na Kisumu na Nairobi. Kila kinapozuka, klorini ya maji huanza kuonekana vijijini ikiwa kwenye mitungi ya plastiki. Nyingine hugawiwa na watu wa afya, nyingine hununuliwa na shule, kanisa au chama cha wavuvi kwa ajili ya vyoo vyao. Karatasi ya mtungi inasema nguvu yake ni asilimia 10, ilhali mhudumu wa afya ya jamii amesema pale mgonjwa alipotapika pasafishwe kwa dawa ya asilimia 1. Kijitabu hiki kinahusu hesabu iliyo kati ya namba hizo mbili, na mambo yanayoweza kuiharibu.

Humu tutaiita klorini ya mtungini dawa kali. Ile ambayo tayari imetiwa maji tutaiita mchanganyiko.

Kwa nini tisa, si kumi

Kutoka asilimia 10 hadi asilimia 1, nguvu inapungua mara kumi. Kwa hiyo dawa iliyokuwa imejaza kopo moja lazima ienee katika makopo kumi. Hapo ndipo wengi hupotea, kwa sababu wakisikia kumi wanachota maji makopo kumi.

Swali lenyewe huulizwa hivi kwenye baraza: “Daktari, si umesema mara kumi? Basi maji ni makopo kumi.” Jibu lake ni hili: “Hapana, mzee wangu. Kumi ni jumla ya vyote vilivyomo ndani ya ndoo, na dawa yenyewe ni mojawapo. Toa hiyo moja, maji yanabaki tisa.”

Anayetia maji makopo kumi anapata makopo kumi na moja ya mchanganyiko wenye nguvu ya asilimia 0.9 hivi. Kusema kweli, kosa hilo peke yake halitaangusha nyumba. Tunalikazia kwa sababu nguvu nyingine zina hesabu ileile, na huko kosa linakua. Tuseme afisa wa afya ameagiza asilimia 2 kutoka kwenye dawa kali ileile. Kumi ukigawa kwa mbili unapata tano, ukitoa moja zinabaki sehemu nne za maji. Aliyezoea kusahau kutoa moja atatia tano, na dawa yake itakuwa imepungukiwa karibu moja ya sita ya nguvu iliyotakiwa. Kanuni ni moja tu: gawa nguvu uliyo nayo kwa nguvu unayoitaka, kisha toa moja. Kinachobaki ni sehemu za maji kwa kila sehemu moja ya dawa.

Sehemu ni chombo chochote

Sehemu haina ukubwa wake maalumu. Inaweza kuwa kikombe cha plastiki, kasuku ya mafuta ya kupikia iliyokwisha, au mtungi mdogo wa lita tano. Sharti ni kwamba chombo kilichopima dawa ndicho kipime na maji, na kijazwe kwa kimo kilekile kila mara. Wanunuzi wa mahindi sokoni hulalamika kwamba gorogoro fulani imebonyezwa chini ili ipunje. Kwa kazi yetu hata gorogoro iliyobonyezwa ingetoa hesabu sahihi, kwa kuwa ingepunja dawa na maji kwa kadiri moja. Shida yake ni kwamba ni ya bati. Klorini hula bati, na bati nalo huila nguvu ya klorini, kwa hiyo tumia plastiki kuanzia kipimo hadi ndoo. Sufuria usiiguse kabisa kwa kazi hii.

Ukishapima dawa kwa chombo, kisirudi jikoni. Kitie alama ya rangi, kikae pamoja na mtungi wa dawa.

Mfano wa mtungi wa lita 20

Chukua nyumba iliyo kando ya ziwa, tuseme upande wa Sori au Mbita, inayotaka mchanganyiko wa kutosha choo, sakafu na ndoo ya mgonjwa. Wana mtungi mtupu wa lita 20 na kipimo cha lita moja. Sehemu zote ni kumi, na mtungi ni lita 20, kwa hiyo kila sehemu ni lita mbili. Dawa itakuwa lita mbili, na maji lita 18.

Pima maji kwanza. Mimina lita 18 mtungini, ndipo uongeze dawa kali lita mbili polepole. Ukitanguliza dawa na kuifuatisha maji kwa nguvu, matone ya dawa isiyochanganyika yatarukia macho na mikono. Fanya kazi hii nje au mlangoni penye upepo, ukiwa na glavu za mpira na miwani au kitu kingine cha kukinga macho, watoto wakiwa mbali. Ukimaliza, funga mtungi, uupindue mara kadhaa ili vichanganyike, kisha andika juu yake kwa kalamu isiyofutika: KLORINI ASILIMIA 1, SI YA KUNYWA, pamoja na tarehe ya siku hiyo.

Maji unayochanganyia yana neno lake. Wakati wa mvua maji ya mto Kuja huja mekundu kwa udongo, na ya ziwani karibu na ufuo hujaa majani yaliyooza na mwani. Klorini haichagui adui. Hushambulia uchafu huo kama inavyoshambulia vijidudu, na kila inaposhambulia hupungua. Tumia maji ya mvua au ya bomba ukiweza. Ukikosa, acha ya mtoni yatulie usiku kucha, chota ya juu, uyachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa.

Kabla ya kuamini namba ya kumi

Hesabu ya moja kwa tisa ni kweli tu ikiwa kilichomo mtungini ni asilimia 10. Kwa hiyo soma karatasi kila mara, hata kama mtungi unafanana na wa mwezi uliopita. Dawa ya dukani ya kung'arisha nguo, ambayo wengi huiita jiki hata ikiwa ya kampuni nyingine, mara nyingi huwa karibu na asilimia 3.5. Ukiitia maji sehemu tisa unapata asilimia 0.35, theluthi moja tu ya nguvu uliyodhani unayo. Kwa kanuni yetu, 3.5 gawa kwa moja, toa moja, ni sehemu mbili na nusu za maji. Kwa vikombe, hiyo ni vikombe viwili vya dawa na vitano vya maji. Klorini ya unga nayo ni jambo jingine: hupimwa kwa uzito wala haifuati hesabu ya makopo.

Kuna kosa jingine ambalo karatasi haiwezi kukuonyesha. Klorini ya maji hufa yenyewe ikikaa. Joto na jua huiharakisha, na mtungi uliokaa miezi kadhaa chini ya paa la mabati huenda umebaki na nusu ya nguvu yake, huku karatasi bado ikisema kumi. Ikiwa imeshuka hadi tano, moja kwa tisa itakupa asilimia 0.5. Harufu haikusaidii hapa, maana dawa dhaifu nayo hunuka vikali. Kinachosaidia ni tarehe ya kutengenezwa, na pale ambapo mtungi ni wa shule au soko, kupimwa na afisa wa afya ya umma kwa vifaa vyake. Nunua inayotosha kazi ya karibuni, iweke penye kivuli na baridi, na mchanganyiko wa asilimia 1 utengeneze kwa matumizi ya siku hiyo. Tuliotumia lita 20 kama mfano hatusemi kila nyumba inahitaji lita 20. Kikombe kimoja kwa vikombe tisa chaweza kutosha.

Mahali pake na mahali si pake

Mgonjwa akitapika sakafuni, mwagia mchanganyiko hadi ufunike matapishi yote, subiri dakika kumi au zaidi, ndipo ufute na kutupa chooni. Kisha mwagia tena pale ulipofuta. Awamu ya kwanza nguvu nyingi huishia kwenye uchafu wenyewe. Ya pili ndiyo hufika kwenye saruji. Sakafu ya udongo hunywa dawa haraka, kwa hiyo kwangua udongo wa juu, uutupe chooni, kisha umwagie. Afisa wa afya akitaja nguvu nyingine kwa kazi fulani, fuata yake na urudie kanuni.

Kwa nguo na shuka, asilimia 1 ni kali mno. Kwa hizo hutumika asilimia 0.05, ambayo hutoka kwenye mchanganyiko wako kwa kanuni ileile: moja gawa kwa 0.05 ni ishirini, toa moja, sehemu 19 za maji. Loweka dakika kumi, kisha fua na suuza kama kawaida. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka.

Usiongeze chochote kingine kwenye ndoo ya klorini. Dawa za kusugulia choo zenye asidi zikikutana nayo hutoa gesi inayobana kifua ndani ya muda mfupi, na choo cha shimo kilichofungwa mlango si mahali pa kuigundua. Macho yakianza kuwasha na kifua kikikaza, acha kila kitu palepale, toka nje penye hewa.

Maji ya kunywa yasitiwe dawa ya mtungi huu, hata tone. Ni rahisi mno kukosea kipimo, na dawa ya kusafishia haikutengenezwa kwa ajili ya tumbo. Kwa kunywa, tumia dawa iliyofungashwa kwa kazi hiyo, kama Waterguard au vidonge vya Aquatabs, kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, na ungoje nusu saa. Wala usihifadhi mchanganyiko kwenye chupa ya soda, maana mtoto anayerudi kutoka shuleni na kiu anaijua chupa hiyo kwa umbo lake.

Dawa ikiingia machoni, mwagia maji safi bila kukoma kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya. Aliyekunywa asilazimishwe kutapika, kwa kuwa dawa itachoma koo mara ya pili ikipanda. Mpeleke hospitalini mara moja, na mtungi wenye karatasi yake mwende nao.