BARUA YA MTEJA KWENYE MPANGO WA BIASHARA: ISEME NINI ILI IHESABIKE?

Leo tuongelee kitu kinachowaangusha wengi wakienda kuomba mkopo.

Mteja akikuandikia WhatsApp "dada mzigo ukiwepo nitachukua", wewe unafurahi, ila afisa mikopo hawezi kuweka hilo neno kwenye hesabu. Atachukua kiasi gani? Kwa bei gani? Lini? Ndo maana kwa wateja wa jumla unaomba barua ya kusudio la kununua. Ni barua ya mteja ambaye BADO hajanunua, anaeleza anakusudia kununua nini kwako.

Tuchukue mfano. Unauza sabuni ya maji ya usafi kwa simu, na umepata gesti ya vyumba 24 inayotaka kuwa mteja wa kila mwezi. Barua nyingi zinakuja hivi:

"Tunapenda bidhaa zako na tutakuunga mkono."

Hiyo ni pongezi. Barua inayofanya kazi inasomeka hivi:

"Kwa sasa tunatumia dumu 4 za lita 20 za sabuni ya maji kila mwezi, tunanunua sh 26,000 kwa dumu. Tunakusudia kununua kwako dumu 4 kwa mwezi kwa sh 24,000, ukituletea hadi hapa, kuanzia Machi hadi Agosti, endapo sampuli ya lita 5 itaturidhisha. Barua hii si mkataba."

Juu yake kuna tarehe na anwani ya gesti. Chini kuna jina, cheo, sahihi, namba ya simu na muhuri kama wanao.

Sasa tuione kipande kwa kipande.

1. WANACHOTUMIA SASA. Huu ndo mstari wenye nguvu kuliko yote na wengi wanausahau. Unaonyesha hitaji lipo tayari na pesa inatoka kila mwezi, wewe unabadilisha tu inakoenda. Pia unaonyesha kwa nini wahamie kwako: watapunguza sh 2,000 kwa kila dumu.

2. KIASI, BEI NA MUDA. Vitatu hivi lazima vikae pamoja. Dumu 4 mara 24,000 ni sh 96,000 kwa mwezi, kwa miezi 6 ni sh 576,000. Kikikosekana kimoja, hesabu haifanyiki. Na kiasi kiendane na ukubwa wa mteja. Lita 80 kwa vyumba 24 inaeleweka. Gesti hiyo hiyo ikiandika dumu 40, ni zaidi ya lita 1 kwa kila chumba kila siku. Hapo msomaji atajua umeandikiwa na rafiki.

3. SHARTI. Usiogope neno "endapo". Mteja makini lazima aweke sharti, na likiwepo barua inaaminika zaidi. Ila sharti likishaandikwa, mpango wako uonyeshe utalitimizaje. Akisema "ukiwa na alama ya ubora ya TBS", basi gharama na muda wa kuipata viwemo kwenye mpango.

4. ALIYESAINI. Awe mwenye uwezo wa kuamua manunuzi: mmiliki au meneja. Dada wa mapokezi ni mtu mwema, lakini sahihi yake hainunui sabuni. Na mwambie mteja kabisa kwamba anaweza kupigiwa simu. Akipigiwa akauliza "sabuni gani?", barua imekufa, na barua zako nyingine nazo zitatiliwa shaka.

Ule mstari wa "si mkataba" usiutoe. Ni kweli barua hii haimfungi mteja, na akijua hivyo anasaini bila woga.

Kwa sababu hiyo hiyo, usiiandike kama mauzo yaliyokwisha kupatikana. Kwenye makadirio weka kwa tahadhari: mwezi wa kwanza dumu 2 za majaribio, miezi 5 inayofuata dumu 4. Jumla dumu 22, sh 528,000. Kwenye sehemu ya soko andika "angalia kiambatisho namba 1", barua iwe nyuma kabisa. Kila barua iwe na mstari wake kwenye jedwali la mauzo. Na jumlisha barua zote: zikidai dumu 60 kwa mwezi na wewe unaweza kutengeneza 30, hapo umejitolea ushahidi dhidi yako mwenyewe.

Mwisho, usiandike barua moja ukaipeleka kwa wateja watano wasaini tu. Maneno yakifanana hadi nukta, anayesoma anagundua mara moja. Mpe mteja maswali: unatumia kiasi gani, unanunua bei gani, ungechukua kwangu kiasi gani, kuanzia lini, kwa sharti gani? Majibu ayaandike yeye. Barua mbili za namna hiyo zinazidi kumi za pongezi.

Una barua tayari? Isome leo uone kama unaweza kupiga hesabu ya sh kwa mwezi kutoka humo. Ukishindwa, mrudie mteja kabla hujapeleka mpango.