Fulana ya kukimbilia: pamba au poliesta?

Swali: Nakimbia Dar es Salaam, kilomita kumi kila alfajiri. Fulana ya pamba inalowa chapachapa na kunichubua. Ya poliesta inakauka haraka, lakini inanuka hata ikifuliwa. Nivae ipi?

Jibu: Vaa poliesta, harufu ina dawa yake. Pamba hunywa jasho na kulishikilia ndani ya nyuzi, ndiyo maana fulana inakuwa nzito na kusugua chuchu. Nyuzi za poliesta hazinywi maji. Jasho husambaa juu yake na kukauka upesi. Ila hewa ya pwani ikijaa unyevu, hata poliesta hulowa, hivyo chagua iliyofumwa kwa vitundu unavyoviona ukiinyanyua kwenye mwanga.

Jasho bichi halinuki sana. Wanaoleta harufu ni bakteria. Poliesta hung'ang'ania mafuta ya ngozi, na bakteria hao hustawi humo. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walikuta fulana za poliesta zikinuka kuliko za pamba baada ya mazoezi ya baiskeli.

Kwa hiyo usiiache imeviringwa kwenye mfuko hadi jioni. Isuuze ukifika tu. Ukiifua, igeuze ndani nje, iloweke nusu saa kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kisha sugua makwapa. Dawa ya kulainisha nguo usiitie kabisa, kwani huacha utando juu ya nyuzi.

Mchanganyiko wa nusu kwa nusu? Ni laini na haunuki haraka, lakini pamba yake bado hushika maji. Kwa kilomita tatu, sawa. Kwa kumi, utachubuka tena.